Barua ya wazi kwa wahariri wetu: mwavuli mwekundu wa Jangwani haukubandikwa

Kwa wahariri wakuu na wakuu wa madawati ya uhakiki wa picha,
Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri, na wenzangu wengine poleni na kazi.

Mimi ni mpiga picha za habari wa kujitegemea, mkazi wa Magomeni. Kila masika Jangwani inapojaa maji na njia ya mjini kufungwa, huwa nachukua kamera na kushuka bondeni. Masika hii nilipiga picha moja pale: mama amesimama ukingoni mwa Barabara ya Morogoro, maji ya Msimbazi yamempita magoti, ameshika mwavuli mwekundu, na nyuma yake basi la mwendokasi limezimika. Nikamtumia rafiki kwa WhatsApp, rafiki akaiweka kwenye kundi la mtaa, na kabla ya magharibi picha ilikuwa imezunguka mji mzima.

Siku mbili baadaye chombo kimoja cha habari, ambacho sitakitaja hapa, kikaitoa tena ikiwa na mhuri wa "FEKI". Kando yake kiliweka picha nyingine nyeusi tititi, yenye mwavuli unaong'aa kama kaa la moto, na maandishi ya mbele ya basi nayo yanang'aa. Maelezo yalikuwa sentensi mbili: kwamba uchambuzi wa kitaalamu umebaini mwavuli na basi vilibandikwa, na kwamba picha haina metadata, yaani maelezo ya tarehe, kamera na mahali yanayokaa ndani ya faili, ishara kuwa mtengenezaji alificha alama zake.

Hakuna aliyenipigia simu kabla. Nilipopiga mimi, kijana wa dawati alinijibu kwa adabu kabisa: "Kaka, siyo sisi tuliosema, ni mashine." Mhuri uliondolewa siku ya tisa, kimyakimya, baada ya kuwapelekea kadi ya kamera.

Sidai fidia. Ila sentensi ile ya kijana imenikaa kooni, maana mashine haikusema hivyo. Naomba mnivumilie nieleze ilichosema.

Ile picha nyeusi hutokana na kitufe kilichoandikwa ELA, kifupi cha Error Level Analysis, kwenye tovuti za kuchambua picha. Ili kukielewa, fikirieni khanga. Khanga mpya ukiifua mara ya kwanza inachuja rangi nyingi, mara ya pili inachuja kidogo, na mara ya kumi maji yanabaki karibu meupe. Sasa chukua khanga iliyofuliwa mara kumi, uishonee kiraka cha khanga mpya, kisha uifue yote. Kiraka ndicho kitakachochuja. Faili la JPEG nalo ni hivyohivyo. Kila linapohifadhiwa, picha hugawanywa katika vimraba vya pikseli 8 kwa 8, na kila kimraba hupunguziwa taarifa kwa kukadiria namba zake ili faili liwe dogo. Mara ya kwanza kinachopotea ni kingi. Ukihifadhi tena kwa kiwango kilekile, kinachopotea kinapungua kila mara. Kifaa cha ELA kinaifua picha mara moja zaidi, kinatoa picha mpya kwenye ile ya zamani, kisha kinakuza tofauti ili jicho lizione. Palipochuja sana panang'aa, palipotulia panabaki peusi.

Mnaweza kufanya hivyo mezani kwenu bila tovuti yoyote, kwa amri mbili za programu ya ImageMagick:

```
magick picha.jpg -quality 90 tena.jpg
magick picha.jpg tena.jpg -compose difference -composite -evaluate multiply 15 tofauti.png
```

Angalieni ile 15 mwishoni. Hiyo ni namba ya kukuzia tofauti, na anayeichagua ni mtu. Kwa picha yangu, nikiweka 5 mwavuli unaonekana umepoa na hakuna mtu ambaye angeutilia shaka. Nikiweka 40 unawaka mwavuli, basi, kingo za daraja na hata mawimbi ya maji. Faili ni lilelile na mwavuli ni uleule. Chombo kilichonipiga mhuri hakikuandika kilitumia namba gani, wala sidhani kilijua kwamba kuna namba.

Lakini tuseme namba ilikuwa ya wastani. Kwa nini mwavuli ung'ae hata hivyo? Hapa mfano wa khanga unaendelea kutusaidia, kwa sababu kila mwanamke wa mji huu anajua kwamba nyekundu huchuja kuliko kijivu hata kama hakuna kiraka. JPEG kwa kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi hugawana: mara nyingi pikseli nne hutumia taarifa moja ya rangi. Mahali ambapo nyekundu kali inakutana ghafla na kijivu cha maji, ugawanaji huo unavuruga ukingo kila picha inapohifadhiwa. Maandishi meupe kwenye kibao cheusi cha basi nayo yana kingo kali, na kingo kali ndizo ambazo JPEG hukadiria kwa shida zaidi. Anga la mawingu halina kingo, kwa hiyo linatulia. Picha ile nyeusi ilionyesha, kwa usahihi kabisa, mahali penye rangi kali na kingo kali. Ilikuwa ramani ya mwavuli, siyo ramani ya gundi.

Njia ya kutambua kosa hili ni rahisi, na inashangaza jinsi isivyofanywa. Linganisheni vitu vya aina moja ndani ya picha hiyohiyo. Kwenye picha yangu, mbali kidogo nyuma ya basi, kuna ndoo nyekundu inaelea. Nayo iling'aa kwa kiwango kilekile. Kama mwavuli ungeng'aa na ndoo ya rangi ileile ikabaki nyeusi, hapo pangekuwa na swali la kuniuliza. Swali tu, maana bado jibu lisingekuwepo.

Kuna jambo lingine baya zaidi. Picha waliyoichambua haikuwa faili langu. Faili langu lilitoka kwenye kamera likiwa na pikseli 6000 kwa 4000. Lilipopita WhatsApp kwa njia ya kawaida lilitokea upande wa pili likiwa na upande mrefu wa pikseli 1600. Maana yake kila pikseli 14 hivi zilifinywa kuwa moja, kisha picha yote ikahifadhiwa upya. Hapo khanga yote, na kiraka chake kama kipo, imetumbukizwa kwenye pipa moja la maji ya moto. Vimraba vya zamani vimevunjwa na vipya vimepangwa upya kuanzia pembeni. Historia ambayo ELA inaitafuta imefutwa.

Nilijaribu mwenyewe ili nisiwe mtu wa maneno tu. Nilichukua picha yangu nyingine ya siku ileile iliyokwisha kuhifadhiwa mara kadhaa, nikabandika kreti ya soda juu ya maji, kazi ya dakika tano kwenye Photoshop, nikaihifadhi na kuipitisha kwenye zile amri mbili. Kreti ilijitokeza vizuri. Kisha nikaituma faili hilo kwa WhatsApp kwenye simu yangu ya pili, nikalipakua na kulipima tena. Kreti niliyoibandika kwa mkono wangu ikawa imetulia kama maji yaliyoizunguka, na kwenye picha ileile kofia ya kijani ya kijana mmoja, ya kweli, iking'aa kuliko kreti. Yaani kifaa kilimsingizia mwenye kofia na kumwachia mwongo.

Na ile hoja ya metadata? WhatsApp huziondoa inapotuma picha kama picha: tarehe, aina ya kamera, mahali, vyote. Kila picha inayofika kwenye dawati lenu kwa njia hiyo haina metadata, iwe ya harusi, ya msiba au ya mafuriko. Kukosekana kwake kunawaambia picha imepita njia gani. Hakuwaambii nani alificha nini.

Mtaniambia labda haya ni makosa ya dawati dogo lenye vijana wawili na kompyuta moja. Sivyo. Februari 2013 shirika la World Press Photo lilitangaza picha bora ya mwaka 2012, iliyopigwa Gaza na Paul Hansen, mpiga picha wa gazeti la Dagens Nyheter la Sweden. Inaonyesha wanaume katika uchochoro mwembamba wamebeba miili ya watoto wawili. Mwezi Mei mwaka huohuo mchambuzi wa picha za kompyuta, Neal Krawetz, alitangaza kwamba picha ile imeunganishwa kutoka picha zaidi ya moja. Alitaja ELA, alitaja mwelekeo wa mwanga usiokubaliana na jua, na alitaja metadata zilizoonyesha kwamba faili lilikuwa limefunguliwa na kuunganishwa mara kadhaa. Huyu hakuwa kijana wa majaribio, ni mtu anayeheshimika katika fani hii. Habari ikasambaa dunia nzima ndani ya siku mbili.

World Press Photo hawakujibu kwa hasira. Walichukua faili la RAW, yaani faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera, kutoka kwa mpiga picha na kuwapa watu wa nje wenye ujuzi: Hany Farid na Kevin Connor, wachambuzi wa picha za kidijitali, na Eduard de Kam, mtaalamu wa upigaji picha wa kidijitali kutoka Uholanzi. Waliweka RAW na picha iliyoshinda bega kwa bega. Kila mtu, kila ukuta na kila mkono ulikuwa pale pale. Walichokuta ni rangi na mwanga kurekebishwa, kwa picha yote na kwa sehemu sehemu. Ushahidi wa kuunganisha picha haukuonekana. Metadata zilikuwa za kweli lakini zilisomwa vibaya: Hansen alieleza kwamba alisafisha faili moja la RAW mara kadhaa kwa viwango tofauti vya mwanga kisha akayaweka pamoja. Kwenye historia ya faili, jambo hilo linaonekana kama mafaili mengi. Yote yalizaliwa na RAW moja.

Mtu anaweza bado kusema, na mimi ni mmoja wao, kwamba picha ile ilikolezwa kupita ladha yangu. Lakini "imekolezwa" na "imebandikwa" ni mashitaka mawili tofauti, na kifaa cha ELA hakiwezi kuyatofautisha kwa sababu yote mawili hugusa pikseli.

Sisemi kwamba kila mpiga picha ni malaika. Agosti 2006 shirika la Reuters liliondoa picha ya moshi juu ya Beirut iliyopigwa na Adnan Hajj, kisha likaondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Ila kumbukeni alivyonaswa. Watu waliangalia moshi kwa macho na kuona mawingu yaleyale yakijirudia, kijivimbe kwa kijivimbe, kwa sababu kifaa cha kunakili cha Photoshop kilikuwa kimepigwa mhuri mara kadhaa mahali pamoja. Moshi wa kweli haujirudii. Ushahidi wa namna hiyo unaweza kuuwekea kidole: kipande hiki na kile, tazama mwenyewe. Hata hapo kuna tahadhari yake, maana paa la mabati, ukuta wa matofali au safu ya viti vya plastiki hujirudia bila kosa la mtu. Lakini mwenye shaka anaweza kukagua mwenyewe, wakati picha nyeusi yenye mng'ao inamwambia tu aamini.

Nigusie na zile tovuti zinazotoa asilimia. Tuseme kifaa kinanasa picha 90 kati ya kila 100 zilizochezewa, na kinasingizia 5 tu kati ya kila 100 za kweli. Kinasikika kizuri. Sasa dawati lenu lipitishe picha 1,000 kwa mwezi, na 20 kati yake ziwe zimechezewa. Kifaa kitanasa 18. Lakini kati ya zile 980 za kweli kitasingizia 49. Mwisho wa mwezi mna picha 67 zenye mhuri, na takriban tatu kati ya kila nne hazina kosa lolote. Namba hizo nimezitunga kwa mfano, zenu mnazijua wenyewe. Au hamzijui, na hilo ndilo swali langu kwenu.

Wiki ileile niliyopigwa mhuri, chombo kilekile kilichapisha picha nyingine ya Jangwani, mabasi matatu ndani ya maji, ikiwa na maneno "hali ilivyo asubuhi hii". Ilikuwa imepita kwenye kifaa na kupewa jibu kwamba hakuna dalili ya kuhaririwa. Jibu lilikuwa sahihi. Haikuhaririwa hata pikseli moja. Najua, kwa sababu ni yangu, na niliipiga masika ya miaka mitatu iliyopita. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia.

Picha ya zamani iliyopewa maelezo mapya ni uongo ambao hakuna kifaa cha pikseli kitakachouona, maana uongo haumo kwenye pikseli, umo kwenye maneno yaliyo chini yake. Unaonekana kwa kuitafuta picha kinyumenyume mtandaoni, yaani kupakia picha yenyewe badala ya kuandika maneno, na kuona ilikwisha tokea lini, au kwa kumpigia mtu anayeishi Magomeni Mapipa na kumwuliza maji yamefika wapi leo. Simu moja, dakika mbili.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba, waheshimiwa, na si mengi.

Kabla ya kuandika kwamba picha imetengenezwa, mtafuteni aliyeipiga na mwombeni faili la kwanza. Kama ni simu, atume kama dokumenti, siyo kama picha, ili isifinywe wala kuondolewa metadata. Kisha mwombeni na fremu zilizotangulia na zilizofuata, na kwa maoni yangu hizi zina uzito kuliko kifaa chochote. Siku ile pale Jangwani nilipiga fremu 11 mfululizo. Katika ya tatu mwavuli umeinamia kushoto, katika ya sita upepo umeukunja kidogo, na kivuli chake chekundu kwenye maji kinausindikiza fremu kwa fremu. Anayeweza kubandika hivyo mara 11 na maji yakamtii, basi aajiriwe na nyinyi kesho. Nakiri kwamba hata faili la kwanza lina mipaka: linaonyesha kamera iliona nini, halionyeshi kama tukio lilipangwa, wala halithibitishi maelezo ya picha.

Mkikosa faili la kwanza, andikeni mlichonacho. "Nakala tuliyoipata imepunguzwa na kuhifadhiwa upya, kwa hiyo hatuwezi kusema kama ilihaririwa." Sentensi hiyo haina mhuri mwekundu na haitasambaa kama moto, najua. Ni ya kweli lakini. Mkichapisha picha ya ELA, andikeni na kiwango mlichohifadhia na namba mliyokuzia, na wekeni kando yake picha ya siku hiyohiyo mnayojua haikuguswa, iliyopita njia ileile, ili msomaji aone kama mng'ao ni wa ajabu au ni kawaida ya mwavuli mwekundu.

Na mkikosea, sahihisho likae palepale mhuri ulipokuwa, kwa ukubwa uleule. Mwenye nyumba wangu aliuona mhuri. Sahihisho hajaliona mpaka leo, na sasa nikimwambia kodi itachelewa siku mbili ananitazama kama mtu wa kubandika mambo.

Kadi yenye fremu zote 11 ninayo, sijafuta kitu, na kompyuta yenye zile amri mbili iko mezani. Mkuu yeyote wa dawati anayetaka kupima mwenyewe anakaribishwa Magomeni siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Aje na picha zake pia, hasa zile alizokwisha kuzipiga mhuri.

Wenu katika kazi,
Mpiga picha wa Magomeni